Matriksi yoyote ya mraba, ipeleke kwenye pembetatu

Mwanafunzi aliyezoea kuweka matriksi kwenye ulalo hukwama akikutana na hii:

```
A = |  3  1 |
    | -1  1 |
```

Polinomia yake ni (λ − 2)², kwa hiyo ina thamani eigeni moja tu, 2, inayojirudia mara mbili. Vekta eigeni nayo ni moja tu, (1, −1), ukiacha vizidisho vyake. Ili kuiweka A kwenye ulalo tungehitaji mbili zenye kuelekea pande tofauti, na ya pili haipo. Mwaka 1909 Issai Schur alionyesha kwamba hata hapo kuna njia: matriksi yoyote ya mraba yenye namba changamano inaweza kuandikwa A = UTU*, ambapo T ni pembetatu ya juu na U ni yunitari. Yunitari maana yake safu wima za U zina urefu 1 na zinakutana kwa pembe mraba. U* ni U iliyogeuzwa, safu wima zikawa safu mlalo, na kila i ikabadilishwa alama.

Siri ya njia hii ni kwamba kila hatua inadai vekta eigeni moja tu, na moja haikosekani kamwe, kwa kuwa kila polinomia isiyo namba tupu ina angalau mzizi mmoja katika namba changamano.

Hatua ya 1. Chukua vekta eigeni na uigawe kwa urefu wake. Hapa u₁ = (1, −1)/√2.

Hatua ya 2. Ongeza vekta nyingine mpaka upate msingi kamili wenye pembe mraba, kwa njia ya Gram na Schmidt ikibidi. Hapa u₂ = (1, 1)/√2 inatosha. Si lazima vekta hizi za nyongeza ziwe eigeni.

Hatua ya 3. Zipange u₁ na u₂ kuwa safu wima za U, kisha kokotoa U*AU. Kwa kuwa Au₁ = 2u₁, na u₁ iko pembe mraba na u₂, safu wima ya kwanza inakuwa 2 juu na sifuri chini. Kwa safu wima ya pili, Au₂ = (4, 0)/√2. Ukiizidisha na u₁ unapata 2, na ukiizidisha na u₂ unapata 2 tena:

```
T = | 2  2 |
    | 0  2 |
```

Hatua ya 4. Matriksi ikiwa kubwa zaidi, chini ya namba ya kwanza ya ulalo zitabaki sifuri, na kulia chini patabaki matriksi ndogo ya mraba. Irudie kazi yote ndani ya hiyo ndogo. Sifuri ulizokwisha kuzipata haziharibiki, kwa sababu msingi mpya haugusi vekta ya kwanza.

Kwa nini ulalo wa T unabeba thamani eigeni za A? Andika A − λI = U(T − λI)U*. Detaminanti za U na U* zikizidishwa hutoa 1, kwa hiyo detaminanti ya A − λI ni sawasawa na ya T − λI. Na detaminanti ya pembetatu ni zao la namba za ulalo wake tu: hapa (2 − λ)(2 − λ). Mizizi yake inasomeka pale pale, na thamani inayojirudia huonekana kwenye ulalo mara zile zile inazojirudia.

Hakiki kazi yako kwa njia mbili. Jumla ya ulalo haibadiliki: 3 + 1 = 2 + 2. Jumla ya miraba ya namba zote nayo haibadiliki, mradi kila namba changamano uchukue mraba wa ukubwa wake: 9 + 1 + 1 + 1 = 12, na 4 + 4 + 4 = 12. Jumla hii ya pili isipolingana, mara nyingi U yako si yunitari. Huenda umesahau kugawa kwa urefu.

Kosa jingine hutokea kwenye namba changamano. Vekta (1, −i) ina urefu √2. Usipobadilisha alama ya i unapokokotoa, utapata 1 + (−i)² = 0, na kazi yote itaporomoka.

Pia usidhani kila safu wima ya U ni vekta eigeni. Uhakika upo kwa ya kwanza peke yake. Vekta u₂ yetu siyo, kwani Au₂ inaelekea upande mwingine kabisa.

Ukitumia kompyuta, andika hivi:

```
from scipy.linalg import schur
T, U = schur(A, output='complex')
```

Ukiliacha neno `complex` na A ikawa na namba halisi tupu, programu itabaki kwenye namba halisi. Hapo thamani eigeni zenye i hujificha ndani ya vijisanduku vya 2 kwa 2, na ulalo peke yake hautakuonyesha thamani hizo.