SOMO: Hofu ya Kusimama Mbele ya Watu, Ujiambieje?



Tuchukue mfano wa mweka hazina mmoja, tumwite Nduku. Kesho ni mkutano wa mwaka, naye atasoma hesabu mbele ya wanachama 30. Mwaka jana alitetemeka akaruka mstari, na watu wakaanza kunong'ona kwamba pesa zimeliwa. Usiku huu usingizi haumjii. Moyoni anasema: "Nitatetemeka tena. Nitaaibika."

Angalia hiyo "nita, nita". Mtu akijisemesha hivyo yumo ndani ya hofu yake, haoni pa kutokea. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, Amerika, na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Watu walipewa dakika 5 tu kujitayarisha kuhutubu mbele ya wapimaji. Wengine walijisemesha kwa "mimi", wengine kwa jina lao na kwa "wewe". Hao wa pili walihutubu vizuri zaidi, na baadaye hawakubaki wakijisikia vibaya sana.

Basi, bora ni "wewe" au "yeye"? Utafiti huo ulichanganya jina na "wewe", kwa hivyo hautoi mshindi. Lakini kila moja ina kazi yake. "Yeye" pamoja na jina hukusogeza kando kidogo, kama unayemshauri jirani, kwa hivyo hufaa kuielewa hofu. "Wewe" ni sauti ya kuagiza, nayo hufaa kazi ikianza.

Nduku afanye hivi. Usiku ajiulize kimoyomoyo, polepole:

"Nduku anaogopa nini hasa?" Anaogopa kuruka mstari.

"Afanye nini basi?" Aweke rula chini ya kila mstari anaposoma.

Sasa ile hofu kubwa imekuwa kazi ndogo ya rula. Kesho akisimama, ajiagize kwa maneno mafupi: "Nduku, weka rula. Pumua. Soma wa kwanza. Haya, soma wa pili."

Jihadharini na makosa matatu. La kwanza ni matusi: "Wewe mjinga" ni kujipiga tu, hata kama umetumia "wewe". La pili ni kujikataza: "Usitetemeke" humkumbusha mtu kutetemeka. La tatu ni kujidanganya: "Nduku haogopi kabisa." Moyo unajua si kweli. Afadhali: "Nduku anaogopa, na atasoma."

Utajuaje imesaidia? Ukimaliza maswali uwe na jambo moja la kufanya. Kama bado ni aibu tu inayozunguka kichwani, umerudi kwa "nita, nita". Anza tena na jina lako.

Njia hii ni ya hofu ya shughuli fulani. Hofu inayomnyima mtu usingizi na chakula kwa wiki nyingi, huyo apelekwe hospitali.

Maswali ya kujadiliana:

1. Wewe hujiambia nini kabla ya kusimama mbele ya watu?
2. Geuza maneno hayo: kwanza kwa jina lako na "a-", halafu kwa "u-". Yapi yanakutuliza?