Wawili Watatu na Ndugu Aliyekosa

Mahudhurio yanapokuwa machache, kwenye maombi ya Jumatano au mvua inapowazuia washiriki, mara nyingi fungu la Mathayo 18:20 hutajwa ili kuwatia moyo waliofika. Faraja hiyo ni ya kweli, lakini je, Yesu alilisema fungu hilo kwa sababu ya uchache wa watu?

Soma Mathayo 18:15–20. Je, fungu la 20 linaanza na neno gani, nalo linaliunganisha na nini?

Fungu linaanza na “Kwa kuwa”. Kwa hiyo linatoa sababu ya jambo lililotangulia, na jambo hilo ni ugomvi kati ya ndugu. Yesu anataja hatua tatu. Kwanza, aliyekosewa amwendee mwenzake wakiwa wawili tu, na kusudi la safari hiyo ni kumpata ndugu. Pili, asiposikia, aende na mtu mmoja au wawili. Tatu, akikataa hao nao, kanisa liambiwe.

Hesabu ya “wawili au watatu” basi inaonekana kwanza katika fungu la 16, nayo imetoka katika torati.

Soma Kumbukumbu la Torati 19:15–19. Je, sheria ya mashahidi ilimlinda nani?

Ilimlinda mshtakiwa. Neno la mtu mmoja halikutosha kumhukumu mtu, na shahidi wa uongo alitendewa kile alichokusudia kumtendea mwenzake. Kwa hiyo wale wanaokwenda katika hatua ya pili hawaendi kumwongezea nguvu mlalamikaji, bali wanakwenda kusikia pande zote mbili.

Chukulia mfano huu. Mshiriki mmoja amemkopesha mwenzake shilingi 200,000, zirudishwe baada ya mavuno. Mavuno yamepita. Wanazungumza peke yao, na mkopaji anasema alikwisha kurudisha nusu. Mkopeshaji anakana. Badala ya kulipeleka jambo hilo kwa majirani, anawachukua wazee wawili wanaoaminiwa na wote. Wazee wanauliza: fedha zilitolewa lini, zikapokewa na nani? Inagundulika kwamba shilingi 100,000 zilikabidhiwa kwa kijana wa mkopeshaji, naye hakumwambia baba yake. Sasa mlalamikaji ndiye mwenye la kuomba radhi, na mkopaji anakubali siku ya kulipa nusu iliyobaki. Kama mkopeshaji angewachagua rafiki zake waliokwisha kuamua, ukweli huo usingejulikana.

Hapo ndipo fungu la 19 linapoeleweka. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa “jambo” ni *pragma*, ambalo Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 6:1 kwa habari ya kesi baina ya waamini. Watu wawili waliokuwa na kesi wanapopatana na kuomba pamoja, Baba huwasikia, na Kristo yupo katikati yao.

Soma 1 Wakorintho 5:1–5. Je, kanisa la Korintho lilikusanyika kwa jina la nani, na kwa shughuli gani?

Ahadi hiyo inafuata hadi hatua ya tatu. Kanisa linalokusanyika kwa jina la Yesu linapaswa kuamua kama ambavyo Yeye angeamua. Ndiyo maana katika Kanisa la Waadventista Wasabato, mchungaji hawezi kumwondoa mshiriki kwa uamuzi wake mwenyewe, wala baraza la kanisa haliwezi. Baraza hupendekeza, na mkutano wa washiriki hupiga kura. Lakini wingi wa kura peke yake si uthibitisho kwamba Kristo amekubali. Kikundi kilichoruka hatua ya kwanza, au kilichokataa kumsikiliza mshtakiwa, kimeliacha agizo la Yeye ambaye kinatumia jina lake.

Hata asiyesikia kanisa, ambaye Yesu anasema ahesabiwe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, hajatupwa. Mathayo, aliyeyaandika maneno hayo, alikuwa mtoza ushuru, na Yesu alimwita kutoka forodhani (Mathayo 9:9). Mfano wa kondoo aliyepotea unatangulia mafundisho haya (fungu la 12–14), na swali la Petro juu ya kusamehe linayafuata (fungu la 21, 22).

Je, basi anayeomba peke yake hana Kristo? Mathayo 6:6 inajibu: Baba yupo hata katika chumba kilichofungwa mlango. Fungu la 20 haliweki idadi ya chini ya watu ili Yesu awepo. Linaahidi kuwapo kwake mahali ambapo watu huona ni vigumu kumwona, yaani kati ya ndugu waliokosana.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, ni nini hupotea jambo linapofika kanisani kabla wawili hawajazungumza peke yao?

2. Ukiitwa kuwa mmoja wa wale “wawili au watatu”, utauliza nini kwanza, na utamwuliza nani?