Tathmini Binafsi ya Watumishi: Mwisho ni Tarehe 30 Juni

Watumishi wa Halmashauri, wakiwamo walioko katika kata na vijiji, wanaombwa kukamilisha tathmini binafsi ya mwaka katika mfumo wa PEPMIS kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Mfumo huu umechukua nafasi ya fomu za karatasi za OPRAS, na wananchi nao wana sababu ya kuufahamu.

Mwanzoni mwa mwaka mtumishi huandika majukumu yake kwa idadi inayopimika, na msimamizi wake huyaridhia. Tuchukue mfano wa afisa ugani aliyepanga kuwatembelea wakulima 40 wa mahindi, akawafikia 28. Katika kujitathmini ataandika 28, yaani asilimia 70. Ataeleza kuwa mvua za Februari zilikata njia ya kitongoji kimoja. Na ushahidi wake utakuwa tarehe alizosaini katika daftari la wageni la ofisi ya kijiji. Msimamizi huyapima maelezo hayo, na penye tofauti huzungumza naye. Anayengoja siku ya mwisho humnyima msimamizi wake muda huo.

Kosa la kawaida, nalo ni baya kuliko kuchelewa, ni kuandika “kazi imefanyika vizuri” pasipo idadi. Maneno hayo huwaficha wakulima 12 ambao hawakufikiwa, ilhali hao ndio wanaostahili kutangulia katika mpango unaoanza tarehe 1 Julai.