Sekunde 10 kwenye mlima wa Kadutu

Mama mwenye duka karibu na kwetu Kadutu alininyima soda. Nilikuwa nimetoka kukimbia, mikono inatetemeka, jasho baridi linanitiririka, naye akang'ang'ania kunipa ile isiyo na sukari. "Mwanangu, wewe si uko na sukari? Kunywa hii." Mweleze sasa mtu kwamba mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, anayejidunga insulini kila siku, anaweza kuanguka kwa kukosa sukari! Tukabishana mpaka mteja mwingine akaninunulia ya chungwa.

Kumbe mbio zenyewe hazikunisumbua. Naanza alfajiri kabla ya insulini ya chakula, sukari ikiwa kati ya 126 na 180. Nabeba nusu lita ya maji yenye vijiko saba vya chai vya sukari, kama gramu 30, na chumvi kidogo, ninywe polepole kwa saa nzima, kisha chupa ya pili. Vijiti vya kupimia sinunui kwa wauzaji wanaovianika juani barazani. Joto na unyevu huviharibu, vikadanganya.

Shida huja baada ya kusimama, kwa sababu misuli huendelea kuvuta sukari na insulini iliyokwisha kudungwa hairudi nyuma. Dawa yangu ni sekunde 10 za kukimbia kwa nguvu zote, mwisho kabisa. Watafiti wa Australia Magharibi waliichapisha mwaka 2006: watu wenye aina ya kwanza waliendesha baiskeli taratibu dakika 20, wakamalizia kwa sekunde 10 za kasi kamili, na sukari yao haikushuka kwa saa mbili zilizofuata. Nguvu hizo za ghafla humwaga adrenalini, na ini likaachilia sukari liliyoitunza.

Wao hawakukimbia saa mbili kwenye vilima vya Bukavu, kwa hiyo nilijipimia mwenyewe. Jumapili nilianza na 158. Chini ya mlima wa kurudi nyumbani kipimo kikasema 116, namba ambayo kwangu hufuatwa na kutetemeka. Nikanywa kilichobaki, nikapanda kama ninayefukuzwa, motari wakinipigia honi na kucheka. Nikaoga, nikapima: 121. Saa moja baadaye, 117. Nilimpitia yule mama makusudi nimsalimie, nikiwa mzima kabisa.

Ukiwa chini ya 70 usijaribu hii kasi. Simama, kula gramu 15 hadi 20 za sukari, subiri dakika 15, pima tena. Na ikiwa ulishuka vibaya jana, adrenalini huenda isiitike vizuri leo.

Usiku ni habari nyingine: hizo sekunde hazifiki huko. Nikishakimbia mbali napima kabla ya kulala, tena mara moja usiku wa manane, na ndugu yangu tunayelala naye chumba kimoja anajua sukari iko wapi. Iko juu ya redio, na watoto wameambiwa wasiiguse.