Hataza inalinda nini hasa?

SWALI: Nipo Ibadakuli, nachenjua marudio. Nimeona hataza ambayo ikisiri yake inasema "njia ya kutoa dhahabu kwa sianidi". Je, plenti yangu inavunja sheria?

JIBU: Ikisiri haina nguvu ya kukuzuia, imewekwa kusaidia watu kutafuta hataza. Mipaka ya ulinzi imo kwenye madai, yale yenye namba mwishoni.

Mfano ni hataza ya sianidi ya mwaka 1887 ya MacArthur na ndugu wawili Forrest wa Glasgow. Dai la kwanza lilishika myeyusho wowote wa sianidi. La pili, myeyusho hafifu tu. Mwaka 1895 mahakama ya Uingereza ililikataa la kwanza, maana ilishajulikana kuwa sianidi huyeyusha dhahabu.

Kwa hiyo chukua dai la kwanza la hataza uliyoiona, orodhesha kila sehemu yake, kisha linganisha na plenti yako. Kwa kawaida, sehemu moja ikikosekana kwako, dai hilo halikugusi. Lakini kubadilisha kitu kwa kingine chenye kazi ileile ni hatari. Rudia kwa kila dai linalojitegemea.

Mwisho, ulizia BRELA kama hataza hiyo ina nguvu Tanzania na ada zake zimelipwa. Iliyosajiliwa nje pekee haikuzuii hapa.