Kuzunguka Bila Kukua: Kanuni ya Ukuzaji Mdogo

Tuchukue tangi la maji linalojazwa kwa mfereji. Kipimo kinasoma kina cha maji, na kidhibiti kinafungua au kufunga vali kulingana na pengo kati ya kina tunachotaka na kilichopo. Kanuni yake ni rahisi: kila mita ya pengo ibadilishe mwendo wa kina kwa k mita kwa sekunde. Kwenye karatasi, k yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri inaleta utulivu, na iliyo kubwa zaidi hujaza tangi upesi zaidi.

Karatasi, hata hivyo, imesahau jambo moja. Vali iko mbali, na maji huchukua hadi sekunde 20 kufika tangini. Modeli yetu basi ina kosa. Je, kosa hilo linaweza kuwa kubwa kiasi gani kabla mfumo haujayumba?

Mwaka 1966 George Zames alichapisha jibu la jumla. Fikiria visanduku viwili vilivyounganishwa kwa duara, kila kimoja kikiwa kimetulia kinapokuwa peke yake. Ukuzaji wa kisanduku ni uwiano mkubwa kuliko wote wa nguvu ya ishara inayotoka kwa ile inayoingia. Kama cha kwanza hukuza kwa a na cha pili kwa b, ishara ikizunguka mara moja haiwezi kuzidi ab ya ilivyokuwa. Zao ab likiwa chini ya 1, kila mzunguko unaongeza kidogo kuliko uliopita, na jumla 1 + ab + (ab)² + … haivuki 1/(1 − ab). Hakuna kitakachokua bila mwisho.

Sasa tuliandike kosa letu kwa njia ya kuzidisha: mfumo halisi ni modeli mara (1 + Δ). Kila modeli inapotoa ishara, Δ huongeza sehemu yake ya ziada. Sehemu hiyo inarudi kwenye kipimo, inapita kwenye kidhibiti, kisha inapita tena kwenye modeli. Ukiita L zao la kidhibiti na modeli, ishara inayoirudia Δ ni ile iliyotoka kwake, ikiwa imezidishwa kwa −T, ambapo T = L/(1 + L). Duara letu basi lina visanduku viwili tu, Δ na T. Kwa kuwa vyote viwili ni vya mstari na havibadiliki kwa wakati, tunaweza kuvipima masafa kwa masafa. Sharti ni kwamba zao la |Δ| na |T| libaki chini ya 1 kila mahali.

Turudi tangini. Kwa masafa ω, |T| = k/√(ω² + k²): karibu 1 kwa mabadiliko ya polepole, na hushuka kwa ya haraka. Ucheleweshaji wa sekunde τ unaleta kosa lisilozidi ωτ, yaani dogo kwa mawimbi marefu na kubwa kwa mafupi. Ukizidisha viwili hivyo, matokeo hayafikii kτ kamwe. Kwa hiyo, kτ ikiwa chini ya 1, tuko salama. Kwa sekunde 20, k = 0.04 inatosha: zao ni 0.8, na pengo la sentimita 10 linainua maji kwa milimita 4 kila sekunde.

Fundi akiweka k = 0.1, kina kitapanda na kushuka kwa kipindi cha takriban sekunde 75, kila wimbi likikaribia kuwa mara 2 ya lililotangulia, hadi vali ifunguke yote au ijifunge kabisa. Ukiona mawimbi ya namna hiyo, yenye kipindi cha karibu mara 4 ya ucheleweshaji, shuku k.

Mpaka halisi wa tangi hili, hata hivyo, ni kτ = π/2, yaani k ya karibu 0.0785. Kanuni ilitusimamisha kwenye 0.05 kwa sababu inaangalia ukubwa wa kosa tu, wala haiulizi ishara inarudi wakati gani. Inalinda dhidi ya makosa yote ya ukubwa ule kwa pamoja, na ukivunja sharti lake, lipo kosa mojawapo ndani ya mpaka huo litakaloyumbisha mfumo. Kama unajua kwamba kosa ni ucheleweshaji pekee, unalipia ulinzi usiouhitaji.

Lakini usipojua zaidi ya ukubwa wa kosa, ulinzi huo ndio unaouhitaji, na hapo ndipo usanifu wa H∞, ulioanzishwa na Zames katika makala yake ya 1981, unapochukua hatua. Mhandisi anaandika W, mpaka wa kosa kwa kila masafa, kisha anatafuta kidhibiti kinachoshusha kilele cha |WT|. Lakini kushusha T peke yake ni kukiambia kidhibiti kisifanye kazi. Pengo linalobaki hupimwa na S = 1/(1 + L), na S + T = 1 daima, hivyo haziwezi kuwa ndogo zote mbili kwenye masafa yale yale. Anaipa S uzito wake pia, na hesabu inagawa kazi: S iwe ndogo kwa mabadiliko ya polepole, ambako modeli inaaminika, na T iwe ndogo kwa ya haraka, ambako modeli haijui kinachotokea mferejini.