Kiwanda Kikianza Kuuza Mtandaoni, Mwenye Duka Abaki na Nini?

Una karakana ya magodoro Thika, na kuna maduka kadhaa yanayokuuzia. Juzi umeanza kuuza mtandaoni, wateja wanakulipa moja kwa moja kwa simu. Kabla wiki haijaisha, mwenye duka anapiga: "Bosi, mbona unaninyang'anya wateja?"

Hebu tupige hesabu. Godoro moja unampa mwenye duka kwa Sh6,800, naye analiuza Sh8,000. Mtandaoni umeliweka Sh7,200, ukijiambia kwamba umeongeza Sh400. Lakini pikapu ya kulifikisha kwa mteja ni Sh500, na unailipa wewe. Zinabaki Sh6,700. Yaani umepata Sh100 chini ya zile ambazo angekulipa mwenye duka, na bado hatujagusa lile godoro litakalorudishwa kwa kuwa halikuingia kitandani.

Mwenye duka naye anaumia. Mteja anaingia kwake, analala juu ya godoro, anauliza maswali nusu saa, kisha anatoka na kuagiza kwako. Kodi ya duka ni yake, mauzo ni yako. Hatagombana nawe kila siku. Atasukuma magodoro yako nyuma na kupanga ya mshindani wako mlangoni. Dalili utaiona kwenye oda: aliyekuwa akichukua kumi sasa anachukua matatu. Angalia pia oda za mtandaoni zinatoka wapi. Zikitoka mitaa ileile yenye maduka yako, hujapata wateja wapya, umewahamisha tu.

Hata wakubwa wamepitia haya. Levi Strauss, kampuni ya jinzi ya Marekani, ilianza kuuza mtandaoni mwaka 1998 huku ikiwazuia wenye maduka kuuza jinzi zake huko. Mwaka uliofuata iliamua kuacha, ikawaachia wenye maduka kazi hiyo.

Si lazima ufunge. Rudisha bei ya mtandaoni iwe Sh8,000, na mteja achague duka la karibu la kuchukulia godoro lake. Duka linatoa godoro kutoka stoki yake. Wewe unapokea Sh8,000, unalirudishia duka Sh6,800 lililonunulia, pamoja na kamisheni ya Sh800. Unabaki na Sh400 za matangazo na ada za malipo. Tumia nambari ya tili tofauti kwa mauzo ya mtandaoni, ili jioni taarifa ya malipo ilinganishwe na magodoro yaliyotoka. Na mlipe mwenye duka siku hiyohiyo. Mpango huu huvunjika pesa zake zikikaa kwako wiki mbili.

Jambo moja la sheria: usimlazimishe mwenye duka asiuze chini ya Sh8,000. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza. Unaweza kumpendekezea bei, mradi ajue wazi kwamba haimfungi. Akiamua kuuza Sh7,700, hiyo ni faida yake anapunguza.